Fungu la Mwisho Linaleta Nini?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wasimamizi wa matangazo. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani haimo.

Wenzangu, habari za asubuhi.

Nianze na swali, na naomba kila mmoja ajibu moyoni kabla sijaendelea. Una njia mbili za kutangaza. Matangazo ya utafutaji, yale yanayomtokea mtu anapoandika anachokitaka, yanakurudishia mauzo ya 5 kwa kila 1 unayotumia. Matangazo ya mitandao ya kijamii yanakurudishia 2.5. Mkubwa wako anakuagiza uhamishe sehemu ya bajeti. Utatoa wapi, upeleke wapi?

Wengi mmeshajibu: toa kwenye 2.5, peleka kwenye 5. Na mimi ndivyo nilivyokuwa nikijibu kwa miaka. Lakini ukweli ni kwamba swali lenyewe bado halijibiki. Nimewaambia kila njia imeleta nini kwa jumla. Sijawaambia fungu la mwisho mlilotia limeleta nini. Na ninyi hamhamishi bajeti yote, mnahamisha lile fungu la mwisho tu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ninayotaka tuishike leo. Rejesho la wastani ni mauzo yote ukigawa kwa matumizi yote. Rejesho la nyongeza ni mauzo yaliyoongezeka ukigawa kwa matumizi yaliyoongezeka. La kwanza linaeleza yaliyopita. La pili linaeleza kitakachotokea ukigusa bajeti kidogo kutoka hapo ulipo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sawa kabisa. Lakini kibaba kikishajaa, punje inayofuata inamwagika, na ukihesabu punje zote zilizomo kwa wastani bado utaambiwa kibaba kinapokea vizuri!

Kwa nini kibaba cha utafutaji hujaa mapema? Kwa sababu mbili, na ya kwanza ni rahisi. Watu wanaotafuta kitu chako leo wana idadi yao. Hukuwaumba wewe. Ukishawafikia karibu wote, fedha ya ziada haina mtu mpya wa kumpata, kwa hiyo mfumo unaanza kuonyesha tangazo lako kwa maneno yaliyo mbali na kile unachouza. Ukiwa ndani ya Google Ads, angalia safu inayoitwa `Search lost IS (budget)`. Hiyo inakuambia ni sehemu gani ya maonyesho umeikosa kwa kukosa bajeti. Ikikaribia sifuri, bajeti siyo inayokubana. Jirani yake, `Search lost IS (rank)`, inakuambia umekosa kwa sababu dau au ubora wa tangazo lako ulizidiwa na wengine. Na hapo tunaingia kwenye sababu ya pili, ambayo ndiyo inayowaponyoka wengi.

Nafasi hizi zinauzwa kwa mnada. Ili upate mibofyo zaidi kwa maneno yaleyale, unapandisha dau, na ukipandisha dau unalipa zaidi hata kwa mibofyo ambayo tayari ulikuwa unaipata. Tuchukue hesabu ndogo. Ulikuwa unapata mibofyo 1,000 kwa sarafu 1 kila mmoja, yaani sarafu 1,000. Umepandisha dau, sasa unapata mibofyo 1,100 kwa sarafu 1.10 kila mmoja. Dashibodi inakuambia bei ya mbofyo imepanda kidogo tu, asilimia 10, na unalala usingizi. Lakini jumla uliyolipa sasa ni sarafu 1,210. Umeongeza sarafu 210 ukapata mibofyo 100. Kila mbofyo wa nyongeza umekugharimu sarafu 2.10! Zaidi ya mara mbili ya bei uliyoizoea, na hakuna mahali popote kwenye ripoti ya kawaida palipoandikwa 2.10. Lazima uitoe mwenyewe.

Mitandao ya kijamii nayo huchoka, nisieleweke vibaya. Watu wale wale wanaliona tangazo lile lile mara ya tano, mara ya nane, na mara ya nane haiwasogezi kama mara ya pili ilivyowasogeza. Ila mteremko wake mara nyingi ni wa taratibu, kwa sababu halaiki ya kuwafikia ni kubwa na humngojei mtu aje akutafute.

Sasa niwasimulie kisa kimoja kwa utulivu, maana humo ndimo yalimo mambo yote. Nilifanya kazi na kundi linalouza samani mtandaoni. Takwimu nimezigeuza kuwa mafungu: bajeti yao ya mwezi ilikuwa mafungu 100, na mauzo nimeyapima kwa mafungu hayohayo. Utafutaji ulikuwa unatumia 60 na kuleta mauzo 300. Mitandao ya kijamii ilitumia 40 na kuleta 100. Hizo ndizo 5 na 2.5 nilizoanza nazo. Kiongozi wao alikuwa tayari ameandika mpango wa kuhamisha mafungu 20 kwenda utafutaji.

Tulimwomba asubiri tupime. Majaribio yalipokwisha, haya ndiyo tuliyoyaona. Kwenye utafutaji, matumizi ya 40 yalileta mauzo 272. Kufika 50 yalileta 292. Kufika 60 yalileta 300. Tazameni fungu la mwisho la kumi: limetumia 10, limeleta 8. Rejesho la nyongeza ni 0.8. Wastani unasema 5, fungu la mwisho linasema 0.8! Kwenye mitandao ya kijamii, kutoka 30 hadi 40 mauzo yalitoka 76 yakafika 100, ongezeko la 24. Kutoka 40 hadi 50 yangefika 122, ongezeko la 22. Kutoka 50 hadi 60 yangefika 138, ongezeko la 16.

Basi tufanye lile ambalo wastani ulikataza. Toa 10 kwenye utafutaji, peleka kwenye mitandao ya kijamii. Unapoteza 8, unapata 22. Mauzo yanatoka 400 yanakuwa 414, na bajeti ni ileile.

Je, tuhamishe kumi nyingine? Hapana. Na hii hapana ni muhimu kama ile ndiyo ya kwanza. Ukitoa kumi ya pili kwenye utafutaji unashuka kutoka 50 hadi 40, unapoteza 20. Mitandao ya kijamii itakuongezea 16. Umepoteza 4. Kwa hiyo tulisimama kwenye nusu kwa nusu, pale ambapo fungu la mwisho la kila upande lilikuwa linaleta karibu sawa, 2.0 upande mmoja na 2.2 upande mwingine. Kanuni hii si yangu wala si ya zama za mtandao. Mchumi Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliieleza mwaka 1854 alipokuwa akizungumzia mtu anayegawa fedha zake kwa starehe mbalimbali: gawa mpaka sarafu ya mwisho ikuletee sawa kila upande.

Sasa angalieni kilichotokea kwenye ripoti baada ya kuhama. Wastani wa utafutaji ulipanda, kwa sababu 292 kwa 50 ni 5.84. Wastani wa mitandao ya kijamii ulishuka, kwa sababu 122 kwa 50 ni 2.44. Mnaliona tatizo? Uamuzi ulikuwa sahihi, mauzo yameongezeka, na ripoti ya wastani inapiga kelele zaidi kuliko mwanzo kwamba tumekosea! Wiki ya tatu kiongozi alinipigia simu. Akaniuliza, "Umeona utafutaji unavyofanya vizuri sasa? Kwa nini tusirudishe ile bajeti?" Nikamjibu, "Unafanya vizuri kwa sababu tumeutua mzigo uliokuwa hauna kazi. Ukiurudisha, utashuka tena." Nimeona makundi mengine yakizunguka hivyo mwaka mzima, yanatoa, yanarudisha, yanatoa, kwa kufuata wastani.

Kuna jambo moja tusilipite: faida. Samani zile ziliacha nusu ya bei baada ya gharama za bidhaa na usafirishaji. Kwa hiyo fungu moja la matangazo lilihitaji mauzo 2 ili lijilipe. Lile fungu la 0.8 lilikuwa hasara tupu, hata kama lisingehamishiwa popote. Na kwa mgawo mpya, fungu jingine la kumi kwenye mitandao ya kijamii lingeleta 1.6, chini ya 2. Maana yake bajeti ya 100 ilikuwa inawatosha. Kabla ya kuhama, faida ilikuwa 200 kutoa 100, yaani 100. Baada ya kuhama ikawa 207 kutoa 100, yaani 107. Ninyi pigeni hesabu na faida ya biashara zenu, maana mwenye kubaki na robo ya bei anahitaji 4, si 2.

Mtaniuliza, hizo namba za 272 na 292 mlizitoa wapi? Swali zuri kuliko yote. Hapa ndipo nilipowahi kuanguka, na kuanguka huko kuligharimu watu fedha, kwa hiyo nitalisema bila kuficha.

Kazi moja ya zamani nilichukua taarifa za miaka miwili, matumizi ya kila wiki na mauzo ya kila wiki, nikachora mstari. Mstari ulipanda vizuri sana. Kila fungu la ziada kwenye utafutaji lilionekana kuleta 6. Nikashauri waongeze. Wakaongeza, na hakuna kilichotokea. Kumbe nini? Kila msimu wa manunuzi ulipokaribia, wao wenyewe walikuwa wanapandisha bajeti kwa sababu walijua wateja wanakuja. Wateja wangekuja hata hivyo. Bajeti haikuleta msimu, msimu ndio ulileta bajeti. Taarifa za zamani zinachanganya mambo haya mawili, na hakuna mchoro utakaokutenganishia kama hukuwahi kubadilisha matumizi kwa makusudi wakati hakuna kingine kinachobadilika.

Namba za majukwaa nazo hazikusaidii peke yake. Mtu ameona tangazo lako kwenye mtandao wa kijamii jioni, kesho yake ameandika jina lako kwenye utafutaji, amebofya, amenunua. Jukwaa la kwanza linasema mauzo ni yangu. La pili linasema ni yangu. Jumlisha madai yao uyalinganishe na daftari la mauzo, mara nyingi utakuta madai yamezidi mauzo yenyewe. Na kama mnahesabu kwa mbofyo wa mwisho, basi utafutaji unapewa sifa yote ya kazi iliyofanywa na mwenzake.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka eBay. Mwaka 2012 walisimamisha matangazo ya maneno yenye jina lao kwenye Yahoo na MSN, wakaendelea nayo kwenye Google ili wapate kulinganisha. Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waliochapisha matokeo hayo mwaka 2015, waliona kwamba asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ilirudi kupitia matokeo ya kawaida ya utafutaji, yale yasiyolipiwa. Watu walikuwa wanaelekea eBay tayari. Tangazo lilikuwa limesimama mlangoni likihesabu wanaoingia. Wastani wa matangazo ya aina hiyo huwa wa kupendeza mno, na nyongeza yake ni karibu na hakuna. Lakini msikimbilie kuzima ya kwenu kesho. eBay ni jina kubwa linalojulikana. Kama wapinzani wako wanalipia jina lako, ukiliacha wazi watu wanaweza kukatizwa njiani. Pimeni kwanza.

Kwa wale wauza samani, sehemu kubwa ya zile kumi tulizozitoa ilikuwa humohumo: jina lao wenyewe, na maneno mapana yaliyoletwa na mfumo bajeti ilipozidi. Utafutaji si kitu kimoja. Ndani yake kuna fungu linaloleta 9 na fungu linaloleta chini ya 1, na wastani wa 5 umewafunika wote shuka moja.

Basi tulipimaje? Tuligawanya baadhi ya maeneo wanakouza katika makundi mawili ambayo mauzo yake yalikuwa yakipanda na kushuka pamoja. Kundi moja tuliligusa bajeti, jingine tuliliacha kama lilivyo. Nitawapa jaribio moja la mitandao ya kijamii kwa namba zake. Wiki nne kabla, kundi la majaribio liliuza 100 na kundi la kulinganishia 200. Tukaongeza matumizi ya mafungu 3 kwenye kundi la majaribio kwa wiki nne. Kundi la kulinganishia likafika 210, yaani limepanda asilimia 5 bila sisi kufanya lolote. Kwa hiyo la majaribio lingefika 105 lenyewe. Lilifika 112. Nyongeza ni 7, matumizi ya ziada ni 3, rejesho la nyongeza ni karibu 2.3. Mauzo hayo tuliyasoma kwenye daftari la kampuni. Madai ya jukwaa hatukuyagusa.

Je, ile 7 ni kweli au ni bahati? Tulirudi nyuma tukafanya hesabu hiyohiyo kwa vipindi ambavyo hatukugusa chochote. Hapo jibu lingepaswa kuwa sifuri, lakini lilikuwa likiyumba, mbili juu au mbili chini. Kwa hiyo 7 yetu ingeweza kuwa 5, ingeweza kuwa 9. Rejesho lingeweza kuwa 1.7 au 3. Mnaona shida? Mpaka wetu wa faida ni 2, na 1.7 iko chini yake. Jaribio moja lilituambia mitandao ya kijamii inaizidi mbali ile 0.8 ya utafutaji, na hilo lilitosha kuhamisha. Halikutosha kutuambia kama inajilipa kwa uhakika. Tulilirudia mara mbili zaidi ndipo tukapata ile 2.2 ninayoisema leo. Mkiongeza bajeti kwa asilimia 5 tu, nyongeza itazama kwenye myumbo huo na hamtaona chochote. Ongezeni kiasi cha kuonekana, hata robo ya matumizi ya eneo lile, na mpe muda.

Muda una sababu zake. Mtu hanunui kabati siku alipoona picha yake. Tena mifumo ya matangazo inahitaji kujifunza upya unapoigusa. Meta yenyewe huwaambia watangazaji kwamba kundi la matangazo linahitaji takribani matukio 50 ya lengo ndani ya wiki moja ili litoke kwenye hatua ya kujifunza, na kwamba badiliko kubwa hulirudisha hatua hiyo. Ukihamisha bajeti Jumatatu ukasoma matokeo Ijumaa, unasoma mtikisiko. Mimi huacha wiki ya kwanza nje ya hesabu.

Na jambo la mwisho, ambalo linanisumbua hata leo kwa sababu hesabu yangu haijalimaliza. Nimeongea kana kwamba njia hizi mbili hazijuani. Zinajuana. Kundi jingine nililolishauri lilikata mitandao ya kijamii kwa nusu. Wiki mbili za mwanzo kila mtu alifurahi: matumizi yamepungua, utafutaji haujatetereka. Kufika wiki ya sita, idadi ya watu wanaoandika jina la bidhaa yao kwenye utafutaji ilikuwa imeanza kushuka, na utafutaji ukashuka nao bila mtu yeyote kuugusa. Tangazo la kijamii lilikuwa linawapanda watu ambao utafutaji uliwavuna. Kwa hiyo katika kila jaribio la kijamii, hesabuni mauzo yote ya eneo, kutoka njia zote, na mwangalie pia utafutaji wa jina lenu unakwendaje wiki kadhaa baadaye. Kama mtahesabu mauzo ya njia moja tu, mtailaumu iliyopanda na kuisifu iliyovuna.

Wale wauza samani bado tunawasiliana. Walipobadilisha bei ya mtindo mmoja, tulirudia kupima, na ile sehemu ya kusimama ilikuwa imesogea: utafutaji ulikuwa na nafasi ya mafungu 5 zaidi, kwa sababu waliobofya walikuwa wananunua kwa wingi zaidi. Kwenye ripoti yao ya wiki safu ya wastani imeondolewa. Imebaki ya mwezi, kwa ajili ya mahesabu ya fedha. Mahali pake pameandikwa mstari mmoja kwa kila njia: fungu la mwisho limeleta kiasi gani, limepimwa tarehe gani, na linaweza kukosea kwa kiasi gani.

Asanteni. Nipo kwa maswali.